Kijiti Kinachojivuta: Kinachoharibu Pedi ya Gemu, Kinachotengenezeka Nyumbani, na Wakati wa Kuiacha

Mechi imesimamishwa kidogo, pedi iko mezani, hakuna aliyeigusa. Hata hivyo beki aliye kwenye skrini anatembea polepole kuelekea kulia, anaacha nafasi yake, na mshambuliaji wa upande wa pili anaona mlango uko wazi. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hakuna anayeuliza kumetokea nini. Kijiti cha pedi kimeanza kujivuta.

Ushauri unaotolewa hapo huwa wa aina mbili. Wa kwanza ni kupuliza vumbi na kupaka spiriti. Wa pili ni kununua pedi mpya. Kila mmoja una mahali pake, lakini mara nyingi hutolewa kabla ya mtu kujua kijiti kinaumwa nini. Kujivuta ni dalili, na nyuma ya dalili hiyo kuna angalau magonjwa matatu: uchafu ndani ya sensa, springi iliyochoka, na utepe wa kaboni uliolika. La kwanza husafishwa, la pili hupunguzwa makali kwa kurekebisha kitovu, la tatu halina dawa isipokuwa kubadilisha kifaa. Habari njema ni kwamba yote matatu yanaweza kutofautishwa kwa dakika chache, bila kufungua skrubu hata moja.

Ndani ya kijiti

Chini ya kofia ya mpira ambayo gumba hukalia kuna kisanduku kidogo cha chuma. Ndani yake kijiti kimeshikwa na mihimili miwili iliyopishana kama msalaba. Ukikisukuma kijiti kulia au kushoto, mhimili mmoja huzunguka. Ukikisukuma mbele au nyuma, huzunguka mwingine. Springi iliyo chini hukirudisha katikati kila kinapoachiwa.

Mwisho wa kila mhimili kuna potensiometa, kifaa kilekile kilichotumika kwa miaka mingi kupandisha na kushusha sauti kwenye redio. Ni utepe mwembamba wa kaboni unaopitisha umeme, na juu yake kidole cha chuma kinachoteleza. Kidole kikiwa katikati ya utepe, pedi husoma takriban nusu ya volti iliyopewa, na hiyo huihesabu kuwa sifuri, yaani kijiti kimetulia. Kikisogea upande mmoja volti hupanda, kikisogea upande mwingine hushuka, na gemu hutafsiri tofauti hiyo kuwa hatua za mchezaji.

Udhaifu wote umejificha kwenye kule kuteleza. Chuma kinasugua kaboni kila mara gumba linapotikisika, na kila msuguano huondoa chembe kidogo. Chembe hizo hubaki mlemle ndani na kuchanganyika na vumbi na jasho la mikono. Kidole cha chuma kikikanyaga juu ya uchafu huo, mguso wake na utepe huwa wa kubahatisha na volti hurukaruka. Utepe wenyewe ukilika, hasa sehemu za katikati zinazopitiwa mara nyingi kuliko zote, kipimo cha nusu hakipatikani tena pale pale kilipokuwa. Pedi inaamini kijiti kimesukumwa, ingawa hakuna mtu aliyekigusa.

Mwaka 2021, mafundi wa kampuni ya iFixit ya Marekani walifungua pedi ya DualSense ya PlayStation 5 na kukuta vijiti vilivyotengenezwa na kampuni ya Alps ya Japani. Karatasi za kiufundi za kifaa hicho zinaonyesha kwamba sensa zake zimekadiriwa kudumu mizunguko 2,000,000, na kitufe kinachobonyezwa kwa kusukuma kijiti chini mara 500,000. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka mtu aanze kupiga hesabu. Kwa jinsi kijiti kinavyotumika kwenye Call of Duty: Warzone, iFixit walikadiria kwamba mizunguko milioni mbili inaweza kwisha ndani ya saa 417 za kucheza. Hiyo ni sawa na mizunguko 80 hivi kwa dakika. Anayecheza saa mbili kwa siku angefika huko baada ya miezi saba.

Pedi ya kibandani haichezwi saa mbili. Ikifanya kazi saa nane kwa siku kwa kasi hiyohiyo, saa 417 huisha ndani ya siku 52. Hiyo si siku ya kufa kwa pedi, kwa sababu makadirio ya kiwanda huonyesha muda ambao kifaa kinatarajiwa kubaki ndani ya vipimo vyake, na vijiti vingi huendelea kufanya kazi hata baada ya hapo. Lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini mwenye kibanda hununua pedi mara kwa mara ilhali jirani yake anayecheza mwisho wa wiki ana pedi ileile miaka mitatu.

Tatizo hili limewahi kufika mahakamani. Nintendo Switch ilipotoka Machi 2017, pedi zake ndogo za Joy-Con zilianza kulalamikiwa mapema. Kijiti cha Joy-Con ni chembamba kuliko cha kawaida, lakini nacho hutegemea mguso unaoteleza juu ya kaboni. Julai 2019 kesi ilifunguliwa Marekani, na Juni 2020 rais wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu wowote uliowapata wateja. Mwaka 2023 Nintendo ilikubali mbele ya Tume ya Ulaya kutengeneza bure vijiti vinavyojivuta kwa wateja wa Ulaya, hata baada ya muda wa dhamana kwisha.

Pima kwanza

Kipimo kinahitaji kompyuta au simu ya Android. Unganisha pedi kwa waya au kwa Bluetooth, kisha fungua kwenye kivinjari mojawapo ya kurasa za bure za kupima pedi. Kwenye Windows kuna njia nyingine isiyohitaji intaneti: bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, andika amri hii, kisha ubonyeze Enter.

```
joy.cpl
```

Ukurasa wa kivinjari ndio bora zaidi kwa sababu unaonyesha namba. Kila kijiti kina mihimili miwili, X kwa kulia na kushoto, Y kwa mbele na nyuma, na kila mhimili una namba inayoanzia -1.00 hadi 1.00. Kijiti kizima kilichotulia husoma karibu na 0.00, kikisoma 0.03 au 0.05 bila kuyumba, hakuna la kuhofia. Michezo yenyewe huacha eneo dogo la katikati ambalo haikijali kijiti, kwa kuwa hakuna kijiti kinachorudi sifuri kamili. Microsoft, kwa mfano, huwapendekezea watengenezaji wa gemu eneo la 7849 kati ya 32767 kwa kijiti cha kushoto, yaani takriban asilimia 24. Michezo mingi hutumia eneo dogo kuliko hilo ili kijiti kiitike upesi, na ndiyo maana pedi moja inaweza kujivuta kwenye gemu moja na kutulia kwenye nyingine.

Jaribio lina hatua tatu. Kwanza, acha pedi mezani kwa dakika moja na utazame namba. Pili, sukuma kijiti mpaka mwisho kulia, kiachie ghafla, soma kinaporudi. Fanya hivyo kushoto, mbele na nyuma. Tatu, kisogeze polepole sana kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukiangalia kama namba zinapanda bila kuruka.

Namba zikitetemeka zenyewe kijiti kikiwa kimetulia, tuhuma ya kwanza ni uchafu kwenye mguso. Namba ikitulia lakini mahali tofauti kila unapoachia, tuseme 0.09 ukiachia kutoka kulia na -0.07 ukiachia kutoka kushoto, sensa inasema kweli: kijiti chenyewe hakirudi katikati. Hapo springi imelegea au plastiki iliyokishika imepanuka. Na namba zikiruka kila unapopita mahali palepale, kwa mfano kutoka 0.20 kwenda 0.45 bila kupitia katikati, au zikikwama 0.80 wakati kijiti kimefika mwisho, basi utepe umelika.

Pedi moja ya PS4

Tuchukue mfano wa pedi ya DualShock 4 ya PlayStation 4, ambayo bado ipo majumbani na vibandani kwa wingi. Mezani, mhimili wa X wa kijiti cha kushoto unacheza kati ya 0.11 na 0.17, na Y umetulia kwenye 0.02. Ukisogeza kijiti polepole, namba zinapanda vizuri na kufika 1.00 pande zote mbili. Utepe unaonekana mzima, springi haina kosa, na kinachoyumba ni mguso wa potensiometa ya X pekee. Pedi hii inafaa kusafishwa.

Kabla ya kuifungua, kuna jaribio lisilogharimu kitu. Nyuma ya pedi, karibu na kitufe cha L2, kuna tundu dogo. Zima mashine, ingiza pini, bonyeza kwa sekunde tano, kisha unganisha pedi upya kwa waya. Hili huondoa hitilafu za muunganisho. Utepe uliolika halitautibu, na wala halitasafisha uchafu, lakini linaondoa shaka.

Kufungua kunahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya plastiki, vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi na hukauka polepole. Mafuta ya kulainisha bawaba hayafai kabisa, kwa sababu huacha utando unaokamata vumbi jipya.

Pedi ikiwa imezimwa, toa skrubu nne za nyuma na utenganishe maganda mawili kwa kadi, ukianzia kwenye mishikio. Usivute kwa nguvu: kuna waya bapa mwembamba unaounganisha ganda la nyuma na bodi, nao hukatika kirahisi. Uchomoe taratibu, kisha chomoa plagi ya betri. Betri hiyo ni ya lithiamu, hivyo isitobolewe wala kukunjwa, na mtoto asiachiwe kazi hii peke yake. Vitufe vya L2 na R2 vina springi ndogo zinazoruka. Fanyia kazi ndani ya sinia. Skrubu moja zaidi hushikilia bodi, na ikitoka bodi huinuka pamoja na mota za mtetemo zilizounganishwa nayo.

Sasa kisanduku cha kijiti kinaonekana, na pembeni yake kuna vifuniko viwili vya plastiki, mara nyingi vya kijani. Hizo ndizo potensiometa. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kifuniko cha pembeni, cha kulia au kushoto, ndicho cha X. Ni kinyume chake. Kijiti kikienda kulia na kushoto, mhimili unaozunguka ni ule uliolala kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo potensiometa ya X iko juu au chini ya kisanduku, na ile ya Y iko ubavuni.

Bandua kifuniko cha X kwa ncha nyembamba, ukikiinamisha kidogo tu. Miguu yake mitatu bado imelehemiwa kwenye bodi na ikikunjwa mno huvunjika. Ndani kuna kisahani cheupe chenye kidole cha chuma, na kwenye kifuniko kuna utepe mweusi. Futa vyote viwili kwa pamba iliyoloa alkoholi kidogo, bila kukwangua, na utazame kwa makini. Unga mweusi unaotoka kwenye pamba ndio uliokuwa unavuruga namba. Lakini ukiona mstari mweupe au mng'aro katikati ya utepe mweusi, kaboni imekwisha na usafi utasaidia kwa siku chache tu. Subiri alkoholi ikauke, rudisha kisahani kwa mkao uleule, bana kifuniko mpaka kilie, funga pedi na upime tena.

Pedi yetu ikisoma 0.02 au 0.03 bila kutetemeka, kazi imekwisha. Ikirudi 0.15 ndani ya wiki moja au mbili, usiisafishe tena na tena. Utepe wake umeshakuwa mwembamba na kila kufungua kunachosha vishikizo vya plastiki.

Kwa springi iliyolegea, usafi haufanyi lolote. Dawa ya nyumbani ni kupanua eneo la katikati kwenye mipangilio ya gemu, pale gemu inaporuhusu, kwa kiasi kidogo kinachozidi namba uliyopima. Kijiti kinachorudi 0.09 kinahitaji eneo la 0.11 au 0.12, kupandisha hadi 0.30 kutaondoa kujivuta lakini kutafanya mchezaji wako achelewe kuitika. Wenye Nintendo Switch wana njia ya kurekebisha kitovu ndani ya mipangilio ya mashine yenyewe, kwenye sehemu ya pedi na sensa.

Kubadilisha kijiti kizima

Utepe ukilika, kisanduku chote cha kijiti hutolewa na kingine kuwekwa. Bei ya kisanduku ni ndogo ikilinganishwa na ya pedi, lakini kazi yenyewe inahitaji mkono uliozoea kulehemu. Kisanduku kimeshikwa kwa nukta 14: sita za potensiometa mbili, nne za kitufe cha chini, na nne za miguu ya chuma. Zote lazima ziwe huru kwa pamoja ndipo kitoke.

Lehemu ya kiwandani haina risasi, na huyeyuka kwa joto la juu kuliko ile iliyozoeleka kwa mafundi. Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kuongeza lehemu yenye risasi juu ya kila nukta ili mchanganyiko uyeyuke mapema, kisha huinyonya kwa pampu au utepe wa shaba. Kosa linaloua pedi ni kukivuta kisanduku wakati nukta moja bado imeshika. Pete nyembamba ya shaba inayozunguka tundu hung'oka kutoka kwenye bodi, na ikishang'oka, kijiti kipya hakitapata njia ya umeme. Anayetaka kujifunza na ajaribu kwanza kwenye bodi iliyokufa.

Kijiti kipya nacho hakitaanza kwenye sifuri. Pedi ilikumbuka kitovu cha kile cha zamani, na sensa mpya ina kitovu chake. Kwa pedi za PlayStation kuna zana huria iitwayo DualShock Calibration GUI, inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta na kuandika kitovu kipya kwenye kumbukumbu ya pedi. Mabadiliko yakihifadhiwa hubaki, hivyo ni busara kuyajaribu kwanza kabla ya kuyahifadhi. Zana hiyohiyo hutambua pedi nyingi za kuiga, jambo ambalo limewashangaza baadhi ya walioamini wamenunua ya asili.

Kwa kuwa mtu ameshafungua pedi, afikirie pia sensa za Hall. Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani, aligundua mwaka 1879 kwamba sumaku hubadilisha volti kwenye kipande cha chuma chenye mkondo wa umeme. Katika kijiti cha aina hiyo, sumaku ndogo huzunguka karibu na sensa bila kuigusa, kwa hiyo hakuna kaboni ya kulika. Si jambo jipya, maana pedi ya Sega Dreamcast ilikuwa nayo mwishoni mwa miaka ya 1990. Sensa za TMR, ambazo nazo husoma sumaku, hutumia umeme mdogo zaidi. Aina zote mbili zinauzwa kama vipuri vya pedi za PlayStation, lakini zina springi na plastiki kama nyingine, na hivyo huweza kulegea. Wala upya wa mashine si uthibitisho wa upya wa sensa: Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, bado inatumia potensiometa.

Wakati wa kuiacha

Pedi inafaa kuachwa pale matatizo yanapokutana. Ikiwa vijiti vyote viwili vimelika, betri haikai na tundu la chaji limelegea, kila ukarabati unalipia siku chache tu kabla ya ule unaofuata. Bodi iliyopasuka, yenye kutu ya soda iliyomwagika, au iliyong'oka pete za shaba haistahili kijiti kipya. Pedi ya kuiga ya bei rahisi nayo hailipi, kwa kuwa bodi yake hutofautiana na ya asili na mara nyingi haikubali kurekebishwa kitovu. Na gharama ya kipuri pamoja na ya fundi ikipita nusu ya bei ya pedi mpya ya asili, mpya ndiyo rahisi. Kinyume chake, pedi ya asili yenye betri nzuri na kijiti kimoja kibovu isitupwe. Hiyo ni kazi ya fundi ya muda mfupi.

Pedi ambayo bado ina dhamana isifunguliwe nyumbani kabisa. Irudishwe dukani na risiti yake, pamoja na picha ya namba ulizopima. Na unaponunua nyingine, muulize muuzaji kama vijiti vyake ni vya potensiometa au vya sumaku, iunganishe na simu yako papo hapo, iache juu ya kaunta dakika moja, kisha sogeza kila kijiti polepole hadi mwisho. Ikitetemeka mbele ya macho yako, mrudishie kabla hujalipa.